Shajara ya kadi za mizizi: ki, u, m na wa

Tarehe 9 Februari

Leo nimenunua manila tano nyeupe sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini, nikazikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Nimepata kadi sitini na kitu. Nia yangu ni hii: katikati ya kila kadi niandike mzizi mmoja wa neno, na kwenye pembe nne niweke M, WA, KI na U. Mwanafunzi akishajua neno la pembe moja, azijaze nyingine tatu bila kufungua kamusi.

Wanafunzi nilionao ni wawili. Mmoja ni muuguzi kijana kutoka Ujerumani. Mwingine ni mama wa makamo kutoka Burundi, upande wa Ngozi, anayeuza vitenge na anataka kusoma na kuandika Kiswahili vizuri kuliko anavyokizungumza. Wote wawili wamechoka kukariri neno mojamoja kana kwamba hayana ukoo.

Nimeanza na kadi rahisi. Katikati nimeandika *-jerumani*. Mtu ni Mjerumani, watu ni Wajerumani, lugha ni Kijerumani, nchi ni Ujerumani. Muuguzi akafurahi kujiona kwenye kadi. Nikampa *-faransa*, akajaza zote nne kwa pumzi moja. Nikampa *-giriki*, neno ambalo hakuwahi kulisikia, akasema: Mgiriki, Wagiriki, Kigiriki, Ugiriki. Hapo nikaona kazi itakwenda.

Tarehe 12 Februari

Kadi ya leo imetoka hapahapa. Mzizi ni *-jiji*. Wenyeji wa asili wa ufukwe huu ni Wajiji, mmoja wao ni Mjiji, mji wao ni Ujiji. Na lugha yao? Mama akajibu, "Kijiji." Kisha akanyamaza, akanitazama. "Mwalimu, kijiji si pale wanapokaa watu?"

Yuko sawa mara mbili. Kijiji cha watu kimetokana na *mji*. Mzizi wake ni mfupi mno, *-ji* tu, na Kiswahili kikitaka kudogosha neno la aina hiyo huweka *ki* na *ji* kwa pamoja: mji, kijiji, mto, kijito, mti, kijiti. Kijiji cha Wajiji ni *ki* ya lugha juu ya jina la kabila. Maneno mawili yamekutana njiani tu. Kwenye maandishi herufi kubwa inasaidia. Kwa masikio hakuna msaada isipokuwa maana ya sentensi: kijiji kina kisima, Kijiji kinazungumzwa.

Nimeiweka kadi hii pembeni nimpe mtu aliyekwisha kuzoea.

Tarehe 15 Februari

Pembe ya U imeanza kunisumbua. Nilimpa mama kadi yake mwenyewe, *-rundi*: Mrundi, Warundi, Kirundi, na pembe ya mwisho akaandika Burundi. Nikamwambia ameandika jina sahihi la nchi, na kadi nayo haina kosa. Enzi za Wabelgiji eneo lile likiitwa Ruanda-Urundi, na hiyo *Urundi* ni umbo la Kiswahili. Mwaka 1962 nchi ilipopata uhuru ikachukua jina lake lenyewe lenye *bu*. Uganda ni kinyume chake. Waganda wenyewe kwao ni Buganda, lakini jina la nchi nzima likabaki lile la Kiswahili lenye *u*. Hapa kwetu Muha, Waha na Kiha vinafuata kadi, na nchi yao mpaka leo tunaiita Buha.

Kwa hiyo *bu* ya majirani na *u* yetu ni kiambishi kilekile, ila Kiswahili kimeangusha ile *b*. Mama alipoliona hilo akachangamka sana. Kirundi chake kina *umu*, *aba*, *iki* na *ubu*: umuntu, abantu, ikintu, ubuntu. Akaangusha vichwa vya mbele mwenyewe, akapata mtu, watu, kitu, utu. Sikuwa nimemfundisha.

Muuguzi akaenda na swali jingine. Kama Mjerumani anatoka Ujerumani, Mtanzania anatoka Utanzania? Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa kukaa kwenye kadi. Nchi ambayo jina lake limekuja likiwa kamili, kama Tanzania, Kenya, Italia au Marekani, haihitaji *u* ili iwe nchi. Ukiibandika *u* juu yake unapata sifa: Utanzania ni ile hali ya kuwa Mtanzania, Ukenya vilevile. Lakini Ureno, Urusi, Uholanzi na Uturuki ni nchi. Anayekisia anapaswa kujiuliza kwanza: nchi hii ina jina lake jingine? Kama lipo, *u* inabaki kuwa hali.

Mzungu ndiye aliyevuruga meza. Mzungu, wazungu, Kizungu, halafu akaandika *Uzungu* kama nchi. Kwao tunakuita Ulaya, neno lenye asili ya Kiarabu. Uzungu ni tabia na mambo yao, na Uzunguni ni mtaa waliokuwa wakikaa.

Tarehe 21 Februari

Nimehama kutoka kwenye makabila na mataifa kwenda kwenye vitenzi, kwa sababu ndiko maneno mengi yaliko. Nimejifunza kwamba kadi yangu ya pembe nne haitoshi.

Nilianza na *nywa*, na ikakubali vizuri: mnywaji, wanywaji, kinywaji, unywaji. Anayekunywa, wanaokunywa, kinachonywewa, na kitendo chenyewe. Nikadhani ndiyo kanuni. Nikaandika *vua*, kwa kuwa Kigoma kila asubuhi kuna dagaa na migebuka mwaloni: mvuvi, wavuvi, uvuvi. Pembe ya KI ikabaki tupu. Muuguzi akalazimisha *kivuvi*, akasema ni nyavu. Si kosa la akili, ni kosa la kadi yangu. Pembe tupu inamwita mtu aijaze.

Kisha nikaandika *cheza*. Akasema mchezaji, sawa. Mama akasema mchezo, naye sawa. Yote mawili yana *m*. Mmoja ni mtu na wingi wake ni wachezaji, mwingine si mtu na wingi wake ni michezo. Kichwa ni kimoja, aina ni mbili. Kinachowatofautisha ni mkia. *Mchezaji* linaishia na *-ji*, *mchezo* linaishia na *-o*. Nikaorodhesha harakaharaka ubaoni: mchoraji na mchoro, msemaji na msemo, mshonaji na mshono. Katika orodha hii kila penye *-ji* kuna mtu anayefanya kazi, kila penye *-o* kuna kile kilichotoka kwenye kazi.

Tangu leo nawafundisha kushika neno kwa ncha zote mbili. Kichwa peke yake kinadanganya.

Tarehe 24 Februari

Mkia wa *-i* unataka ukurasa wake, maana ndio unaoficha mzizi. Mtu akiona *mpishi* hawezi kuona *pika* ndani yake kirahisi, wala *penda* ndani ya *mpenzi*. Ile *i* ya mwisho huilainisha konsonanti iliyo mbele yake. *K* inakuwa *sh*: pika, mpishi. *T* inakuwa *s*: fuata, mfuasi. *D* inakuwa *z*: linda, mlinzi, penda, mpenzi. *G* nayo inakuwa *z*: jenga, mjenzi. *B* huwa *z* au *v*: iba, mwizi, gomba, mgomvi.

Anayesoma hana haja ya kuikariri yote. Anapaswa kurudi nyuma tu: akiona *-zi* mwishoni ajaribu *d*, *g* au *b*, aone kama kuna kitenzi anachokijua.

Muuguzi akauliza kuhusu *mlezi*. Kitenzi ni *lea*, na hakina *d* wala *g* wala *b*. Hiyo *z* imetoka wapi? Nikamwambia alitamke katika hali ya kutendwa: mtoto ana*lelewa*. Ile *l* ya pili iliyopotea kwenye *lea* inajitokeza pale, na ndiyo iliyogeuka *z*. Nyoa, ana*nyolewa*, kinyozi. Mambo ni yaleyale. Alilirudia neno *lelewa* kwa sauti mara tatu, kisha akaliandika pembeni mwa daftari lake.

Vokali nazo zinasumbua kichwani mwa neno. *M* mbele ya *i* au *a* inakuwa *mw*: mwizi, mwimbaji. *U* inakuwa *w*: wizi, wimbo. *Wa* na *i* vikikutana vinaweza kuwa *we*, ndiyo maana wingi wa mwizi ni wezi. Lakini Waingereza hawakuwa *Wengereza*, kwa sababu jina la kigeni hutunzwa lilivyo. Nao *Kiingereza* ni kwa *i* mbili, moja ya kichwa na moja ya mzizi, kama *uuguzi* ulivyo na *u* mbili. Hili la pili muuguzi aliligundua mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yake: uguza, muuguzi, wauguzi, uuguzi.

Tarehe 2 Machi

Leo tumetoka darasani. Tulishuka kwa miguu kuelekea Ujiji, tukawa tunasoma vibao vya barabarani. Kwenye kibanda kimoja cha mabati kulikuwa na kibao cha rangi ya buluu kilichoandikwa KINYOZI, na chini yake mkasi na kitana vimechorwa.

Muuguzi akasema ni kifaa. Hoja yake ilikuwa nzuri: *ki* ni ya vitu, *nyoa* anakijua, mkia wa *-zi* ameshaufungua, kwa hiyo kinyozi ni mashine ya kunyolea. Kila hatua ilikuwa sahihi isipokuwa jibu.

Kijana wa kibanda cha jirani aliyekuwa akiuza vocha akatuambia, "Kinyozi ametoka, anarudi sasa hivi."

Nikamsimamisha mwanafunzi wangu palepale. "Umesikia alivyosema? Hakusema *kimetoka*." Akatafakari, kisha akacheka kwa furaha. Kifaa kingechukua *ki*: kimetoka, kimeharibika. *Ametoka* ni mtu. Kinyozi amevaa kichwa cha kitu, lakini kitenzi hakikubali kumfanya kitu. Na hayuko peke yake: kiongozi amefika, kijana anasoma, kipofu ameketi, viziwi wamekuja. Umbo la nomino ni *ki* na *vi*, sentensi inawahesabu kama watu.

Nimerudi nyumbani na jambo moja zito kuliko yote niliyoyaandika hadi leo. Kukisia kwa kichwa na mkia kunakupa dhana. Kitenzi kinachofuata ndicho kinachoithibitisha au kuikataa. Ukiona *a* au *wa*, ni kiumbe hai, hata kama neno linaanza na *ki*. Ukiona *u* na wingi wake *i* baada ya neno la *m*, si mtu: mchezo umekwisha, michezo imekwisha.

Tarehe 3 Machi

Nimezitupa kadi thelathini na mbili za zamani, nikazikata upya kutoka manila mpya. Sasa kadi haina pembe nne. Upande wa mbele una sentensi moja fupi, na neno geni limepigiwa mstari. Upande wa nyuma nimeandika jamaa zake wale waliopo kweli tu, bila nafasi tupu. Sentensi ni lazima, kwa sababu ya yule kinyozi.

Pia nimeongeza kadi za *u* zisizo na *m*. Rais ni rais tu, lakini cheo chake ni urais. Daktari, udaktari. Rafiki, urafiki. Fundi, ufundi. Maneno haya hayana kichwa cha mtu na wingi wake ni wa *ma* au hayabadiliki kabisa, hata hivyo *u* inayapokea bila shida. Kwa anayekisia, hii ndiyo pembe yenye kutegemewa kuliko zote: ukiona *u* mbele ya neno la mtu unayemjua, karibu kila mara ni kazi yake, cheo chake au hali yake.

Tarehe 8 Machi

Kadi ya mchikichi. Haiwezekani kufundisha Kigoma bila mchikichi, maana mawese yanatoka humo. Muuguzi aliposikia neno kavukavu akakisia kabila: Mchikichi, Wachikichi. Nikampa upande wa sentensi: *Mchikichi umezaa sana mwaka huu.* Akaiona ile *u*, akajirekebisha: "Si mtu. Wingi wake ni michikichi." Kisha nikamwonyesha njia nyingine ya kuukamata mti: toa *m*, uone kama linabaki tunda. Chikichi. Mwembe, embe. Mchungwa, chungwa. Mnazi, nazi. Ukitoa *m* ya Mfaransa hakibaki kitu cha kuliwa.

Mama yeye aliteleza upande wake. Aliandika sentensi kuhusu alivyolelewa na bibi yake: *Katika ubwana wangu niliishi kwa bibi.* Kwa Kirundi *umwana* ni mtoto na *ubwana* ni utoto, kwa hiyo njia aliyopita ni ileile ya *ubuntu* na *utu*. Lakini Kiswahili kina *bwana*, na ubwana kwetu ni hali ya kuwa bwana, mwenye amri juu ya wengine. Kile alichokitaka tunakiita utoto, kutoka mtoto. Ule mzizi wa *-ana* anaoujua tunao pia, katika mwana na wana, umo hata ndani ya kijana, na kutoka kwa kijana tukapata ujana. Ila umri huo ni mwingine. Alifuta neno polepole, akaandika *utoto*, na chini akaandika *ujana* kwa kalamu nyekundu. Mtu mwenye lugha ya jamaa anakwenda haraka kuliko wenzake, na makosa yake ni magumu kuyaona kwa kuwa yanasikika vizuri.

Tarehe 14 Machi

Nilitaka jaribio lenye mitego, nikachukua *lima*. Sentensi nne, wanafunzi wote wawili, hakuna kamusi.

*Mkulima ameamka mapema.* Wote wamepata. Kichwa *m*, katikati *ku* ya *kulima*, kitenzi chenye *a*. Mtu.

*Kilimo kimeajiri watu wengi.* Mkia *-o*, kitenzi chenye *ki*. Wakasema ni shughuli ya kulima. Sahihi.

*Mlima unaonekana kutoka mbali.* Mama alijua. Muuguzi alianza kusema "mtu anayelima", akaifikia *unaonekana*, akasita. Akasema: "Si mtu. Lakini ni nini sijui." Nimempa alama kamili, kwa sababu hapo ndipo kukisia kunapoishia kihalali. Mlima hauna uhusiano na jembe. Kitenzi kilimzuia asiseme uongo, na hiyo tayari ni kazi kubwa. Baada ya kumwambia maana, aliweza mwenyewe kukisia *kilima* kuwa ni mlima mdogo.

*Ulimi wake umevimba.* Hapa wote wawili walisema "kazi ya kulima". Kichwa *u*, mkia *-i*, kitenzi chenye *u*: alama zote zilikubaliana nao, na zote zikawaacha. Kilichobaki ni neno *umevimba*. Kazi haivimbi. Muuguzi ndiye aliyelishika, kwa kuwa hospitalini anakutana na vitu vinavyovimba kila siku. Nimegundua pia kuwa sentensi ingekuwa kwa wingi, *ndimi*, wasingenaswa, maana *u* ya kazi na hali kwa kawaida haina wingi. Uvuvi, ualimu, utoto: huwezi kuzihesabu. Ulimi, ukuta, uso, ubao na ufunguo zinahesabika: ndimi, kuta, nyuso, mbao, funguo. Hili nimeliandika kwenye kadi ya rangi ya njano nikaibandika ukutani.

Tarehe 17 Machi

Nimetenga kadi saba za maneno yasiyokubali kufunguliwa. *Kitabu* limekuja mzima kutoka Kiarabu, na *ki* yake ilikuwa sehemu ya mzizi huko lilikotoka. Sisi tulilisikia kama *ki*, tukalipa wingi wa *vitabu*. *Kipilefti* cha barabarani ni Kiingereza cha kuwaambia madereva wakae kushoto, nacho kimepata *vipilefti*. Wingi wake unakisika, jamaa zake hawapo. Hakuna *mtabu* wala *upilefti*. Hizi nawapa mwisho, na nawaambia waziwazi kwamba hazina ukoo.

Tarehe 20 Machi

Mama amekuja na kadi aliyoitengeneza mwenyewe, kwa kipande cha boksi. Mbele ameandika: *Uchumba wao umevunjika.* Ameulizwa na jirani yake neno hilo na hakulijua, akasema hakutaka kuambiwa kabla hajajaribu.

Akanieleza alivyokwenda. Kwanza aliona *chumba*, akafikiri habari za nyumba, labda ujenzi. Lakini *wao* na *umevunjika* vikamfanya aone ni jambo lililo kati ya watu wawili, na halina wingi, kwa hiyo ni *u* ya hali. Kama ni hali, kuna mtu mwenye hali hiyo. Akaweka *m*: mchumba. Akaweka *wa*: wachumba. Hapo akakumbuka kuwa *mchumba* amewahi kulisikia harusini, bibi arusi akimwita hivyo mwanamume kabla hawajafunga ndoa.

"Na *kichumba*, mwalimu?" akauliza. "Ni mchumba mdogo?"

Nikamwambia hapana, hicho ndicho chumba kidogo. Akachukua boksi lake, akaongeza kwa nyuma: *Kichumba kimejaa. Mchumba amefika.* Akapigia mstari *ki* ya pili na *a* ya mwanzo wa *amefika*. Kadi hiyo inaingia kwenye fungu kama alivyoiandika.